Jina Lako, Mikono ya Mwingine

Ujumbe huja kwa Telegram au WhatsApp, mara nyingi katika makundi ya vijana wanaotafuta kazi za mtandaoni. Anayeandika ana adabu na hana haraka. Anauliza kama una kitambulisho, kama laini yako imesajiliwa kwa jina lako, na kama una laptopu inayoweza kukaa imewashwa mchana kutwa. Ukijibu ndiyo, anakueleza mpango. Utafungua akaunti katika jukwaa la kazi kama Upwork kwa jina lako halisi, utapiga picha ya kitambulisho, utageuza uso kushoto na kulia mbele ya kamera, na hapo kazi yako imekwisha. Zilizobaki watafanya wao. Kila mwezi utapokea asilimia fulani ya malipo bila kugusa kazi yenyewe.

Biashara hii ina upande wa pili pia. Kijana aliyekataliwa na jukwaa, au anayeishi katika nchi ambayo jukwaa limeifungia, hutafuta mtu wa kumkodishia akaunti iliyokwisha kuhakikiwa, na ikiwezekana iwe ya Mmarekani au ya mtu aliye Ulaya, kwa kuwa wateja wa huko hulipa vizuri zaidi wakiona jina la kwao. Kenya, ambako kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo kuliwapa vijana wengi riziki kwa miaka, kununua na kukodi akaunti kumezoeleka kiasi kwamba wengi hawaoni kosa lolote. Huonekana ni kusaidiana tu.

Naelewa mambo haya yanakotoka. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililokuwa likiwapa Wakenya wengi kazi za kuweka alama kwenye picha na data, liliwafungia ghafla. Mtu aliyekuwa akilipia nyumba kwa kazi hiyo aliamka akakuta akaunti haifunguki, na mwenzake akamnong'oneza kwamba kuna akaunti ya nchi nyingine inakodishwa. Simlaumu kwa kusikiliza. Ila nataka auone mkataba huo kwa ndani, upande wa mkodishaji na upande wa mkodi, kwa sababu mmoja huweka rehani pesa yake na mwingine huweka rehani zaidi ya pesa.

Kuhusu mkodishaji, kuna kesi moja ya Marekani ambayo kila mtu anayefikiria kukodisha akaunti angefaa kuijua kwa undani. Inamhusu mwanamume wa mji wa Bowie, jimbo la Maryland, aliyekuwa akifanya kazi katika saluni ya kucha. Hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Kati ya mwaka 2021 na 2024 aliajiriwa na kampuni zisizopungua 13 za Marekani kama mtengenezaji wa programu, na kampuni hizo zikalipa jumla ya zaidi ya dola 970,000 kwa kazi iliyofanywa na watu wengine, akiwemo mmoja aliyekuwa Shenyang, kaskazini mashariki mwa China.

Tazama jinsi ajira moja kati ya hizo ilivyopatikana. Mapema mwaka 2023 kampuni ya jimbo la Virginia ilitangaza nafasi ya mtengenezaji wa programu za wavuti. Ikapokea wasifu wenye jina la mtu wa Bowie, ukidai ana shahada na uzoefu wa miaka 16. Machi 28 mkuu wa kampuni alimhoji kwa video. Mtu yule alijitokeza mwenyewe, kwa uso wake, akainua leseni yake ya udereva ya Maryland na pasipoti yake ya Marekani mbele ya kamera, na mkuu wa kampuni akapiga picha ya skrini kama ushahidi. Nyaraka zote zilikuwa halali. Uso ulikuwa wake. Hakuna kilichoghushiwa isipokuwa wasifu.

Akaajiriwa na kupangiwa mradi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, uliohusu programu yenye taarifa nyeti za ulinzi wa taifa. Kampuni ikamtumia laptopu. Alipoipokea akaweka ndani yake programu ya kumruhusu mtu mwingine kuiendesha akiwa mbali, na kuanzia siku hiyo aliyeko Shenyang ndiye aliyefanya kazi na kuhudhuria vikao vya kila siku kwa jina lake. Kwa miezi michache ya mradi huo kampuni ililipa zaidi ya dola 28,000, na sehemu yake ikatumwa ng'ambo. Aprili 2025 mtu wa Bowie alikiri mahakamani kosa la kula njama ya ulaghai. Mwenzake wa Shenyang hakuwepo kizimbani.

Waendesha mashtaka walieleza kesi hiyo kama sehemu ya mpango mkubwa wa Korea Kaskazini, ambayo imewekewa vikwazo na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na ambayo huwatuma wataalamu wake wa kompyuta kutafuta fedha za kigeni kwa majina ya watu wengine. Onyo lililotolewa na serikali ya Marekani Mei 2022 lilisema wengi wa wataalamu hao wako China na Urusi, na wachache wako Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia. Kwa hiyo anayekuandikia kwa Telegram kwa Kiingereza kizuri, akisema yeye ni mhandisi wa Singapuri mwenye kazi nyingi kuliko mikono, anaweza kuwa anachosema ndicho, na anaweza kuwa mtu ambaye kumpitishia malipo ni kuvunja vikwazo vya kimataifa. Wewe huna njia ya kujua, na mpango wenyewe umetengenezwa ili usijue.

Soko la kukodisha lina madalali wake. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya Oleksandr Didenko, raia wa Ukraine aliyekamatwa Poland, na kuitwaa tovuti yake iliyoitwa upworksell.com, ambayo kazi yake ilikuwa kukodisha na kuuza akaunti za majukwaa ya kazi na za kutuma pesa. Kwa mujibu wa mashtaka, alikuwa akisimamia utambulisho wa watu wapatao 871. Novemba 2025 alikiri makosa. Nadhani idadi hiyo inasema kitu ambacho mtu mmoja mmoja hawezi kukiona. Kila mwenye jina kati ya majina yale, yule aliyeibiwa na yule aliyekodisha kwa hiari, amebaki katika kumbukumbu za jukwaa, za benki na za kodi kama mtu aliyefanya kazi asizozijua kwa wateja asiowajua.

Malipo ya hatari hiyo huwa madogo ajabu. Mwezi huohuo wa Novemba 2025 Wamarekani watatu walikiri mahakamani kwamba waliwapa wataalamu wa aina hiyo utambulisho wao na kuziweka laptopu za waajiri majumbani kwao. Wawili kati yao walikwenda hata kupimwa matumizi ya dawa za kulevya kwa niaba ya watu ambao waajiri walidhani ndio wao. Mpango huo uliingiza mishahara ya takribani dola milioni 1.28. Mmoja wa wale watatu alikuwa amepata dola 3,450 tu, mwingine dola 4,500.

Wanaokodisha hapa kwetu hufikiri wanakodisha kitu kilicho nje yao, kama chumba cha nyuma ya nyumba. Kinachofanana zaidi na jambo hili ni kumdhamini mtu katika Sakos bila kuambiwa amekopa kiasi gani wala atakopa tena lini. Akaunti ya jukwaa ni tamko kwamba mtu huyu, mwenye uso huu na namba hii ya kitambulisho, ndiye anayefanya kazi na ndiye anayepokea malipo. Kwenye majukwaa ya Marekani tamko hilo huandikwa hata katika fomu ya kodi. Mfanyakazi asiye Mmarekani hujaza fomu ya W-8BEN, akithibitisha kwa kiapo cha kisheria kwamba yeye ndiye mwenye mapato yale. Ukiijaza kwa mapato ya mtu mwingine, umetia saini uongo, na pesa zilizopita katika akaunti yako zinahesabiwa kuwa zako. Mamlaka ya kodi ya nchi yako ikiuliza ulipata wapi dola 15,000 mwaka jana, kujibu kwamba ulibakiwa na 3,000 tu na nyingine ulimtumia mtu usiyemjua jina lake la kweli hakutakusaidia. Jibu hilo lenyewe ni taarifa ya utakatishaji wa fedha.

Sasa tugeukie mkodi, yaani yule anayefanya kazi kwa haki, kwa ujuzi wake na jasho lake, lakini kwa jina la mwingine. Hapa naomba tupige hesabu pamoja, kwa mfano wa kufikirika.

Kijana wa Nakuru amekodi akaunti ya Upwork. Amepata mteja wa saa 30 kwa wiki kwa dola 12 kwa saa, yaani dola 360. Tuseme jukwaa linakata asilimia 10, zinabaki 324. Katika kazi za kulipwa kwa saa, wiki ya malipo hufungwa Jumapili na pesa huwa tayari kutolewa siku 10 baadaye, yaani Jumatano ya wiki ya pili inayofuata. Maana yake, ikifika Jumanne ya wiki ya tatu kijana huyu amekwisha kufanya wiki mbili nzima na siku mbili, na hajapokea hata senti. Dola 648 za wiki mbili zile, zaidi ya shilingi 80,000 za Kenya, zimekaa ndani ya akaunti ambayo si yake. Kila wiki anapolipwa, nyingine zimekwisha kuingia nyuma yake, hivyo hakuna siku ambayo hadai kiasi cha kuumiza.

Akaunti ikisimamishwa Jumanne hiyo, jukwaa halitamtafuta yeye. Litaomba aliyesajiliwa ajitokeze kwa video akiwa na kitambulisho chake. Kijana wa Nakuru hawezi kujitokeza. Anamwandikia mwenye akaunti, na mwenye akaunti ana njia tatu: ajitokeze, apite uhakiki na kumlipa; ajitokeze, apite na kubaki na pesa; au azime simu. Njia zote tatu ziko mikononi mwake peke yake, kwa kuwa barua pepe ni yake, laini inayopokea namba ya siri ni yake, na akaunti ya benki ni yake. Hata bila kusimamishwa, anaweza kuamka siku yoyote, akabadili nywila na kuichukua akaunti pamoja na nyota zote ambazo kijana amezichuma kwa mwaka mzima. Kijana hana pa kushtaki. Atakwenda polisi kusema nini, wakati Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya Kenya ya mwaka 2018, kifungu cha 29, inamwadhibu anayetumia kwa udanganyifu nywila au utambulisho wa mtu mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili? Tanzania nayo imekataza kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Wengi huniambia kwamba majukwaa hayawezi kujua. Yanajua zaidi ya tunavyodhani, ila hayasemi. Kila unapoingia, jukwaa huona anwani ya IP, aina ya kifaa, kivinjari, lugha na saa ya kompyuta yako. Huona kama kifaa kilekile kimewahi kufungua akaunti ya mtu mwingine, na kama akaunti mbili zenye majina tofauti zinatoa pesa kwenda sehemu moja. Akaunti iliyokuwa Kisumu saa mbili asubuhi haiwezi kuwa Manila saa tatu. Dalili moja peke yake haitoshi, kwa kuwa watu husafiri na familia hutumia kompyuta moja, kwa hiyo jukwaa huzikusanya kimyakimya, na zikifika kiwango fulani hutuma ujumbe mfupi wa kuomba uhakiki upya. Ndiyo sababu akaunti ya kukodi huweza kukaa miezi minane salama na kufa siku moja, mara nyingi siku ile ambayo mkodi anajaribu kutoa pesa nyingi kuliko kawaida, kwa sababu kutoa pesa ni mojawapo ya nyakati ambazo ukaguzi huwa mkali.

Haya yanatufikisha kwenye uhakiki wenyewe, na jinsi unavyopaswa kufanywa.

Uhakiki wa kawaida wa mtandaoni hujibu maswali matatu. Kitambulisho hiki ni halisi? Uso huu ni wa mwenye kitambulisho? Na aliye mbele ya kamera ni mtu hai aliyepo sasa, au ni picha iliyoshikwa mbele ya kioo? Ndiyo maana huambiwa ugeuze kichwa au usogeze simu karibu. Maswali hayo ni mazuri, lakini mtu wa Bowie aliyajibu yote kwa ukweli. Swali ambalo hakuulizwa ni la nne: anayefanya kazi leo ni yuleyule aliyehakikiwa siku ile? Uhakiki unaofanywa mara moja mlangoni hauwezi kulijibu. Kwa maoni yangu, mwajiri au jukwaa linalojali linapaswa kuuliza swali hilo tena na tena, kwa upole na bila kuvizia, katika nyakati zenye maana: mtu anapoingia kwa kifaa kipya, anapobadili akaunti ya kupokelea pesa, anapopewa kazi yenye siri.

Kwa mwenye kampuni ndogo Nairobi au Dar es Salaam anayeajiri mtu wa mbali, hilo halihitaji mitambo ya bei kubwa. Linahitaji mazungumzo mafupi ya video mara kwa mara, kamera ikiwa imewashwa, ambamo mfanyakazi anaeleza kazi aliyoifanya wiki hii na kwa nini aliifanya hivyo. Aliyeifanya atajibu maswali madogo bila shida, na asiyeifanya ataanza kusingizia mtandao. Malipo yaende tu kwa akaunti yenye jina lilelile la kitambulisho. Laptopu ya kampuni ipelekwe kwenye anwani ya mfanyakazi mwenyewe, na akiomba ghafla ipelekwe kwingine, simamisha mpaka uelewe. Programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, kama AnyDesk, zisiruhusiwe kwenye mashine hiyo isipokuwa mtaalamu wa kampuni ameziweka. Katika kesi ya Maryland, kizuizi hicho cha mwisho kingeuzuia mpango mzima.

Lakini kukagua mara kwa mara kuna gharama, na gharama hiyo huwaangukia watu waaminifu. Mpeleka chakula mmoja mweusi nchini Uingereza alifungiwa na Uber Eats mwaka 2021 baada ya mfumo wa kutambua nyuso kushindwa kuutambua uso wake mwenyewe. Alifungua shauri, na Machi 2024 likamalizwa kwa yeye kulipwa fidia. Alikuwa yeye, kwa jina lake, kwa kazi yake. Kwa hiyo uhakiki uliofanywa sawasawa ni ule ambao mashine ikikataa, mtu anapatikana wa kutazama upya, kwa muda unaojulikana, kabla riziki haijakatwa. Jukwaa lisilo na mlango huo halijafanya uhakiki. Limemhukumu mtu bila kumsikiliza.

Nawe unayehakikiwa una ya kuzingatia. La kwanza ni majina. Sehemu kubwa ya waaminifu wanaokwama hukwama hapa. Kitambulisho kina majina matatu, benki ina mawili, M-Pesa ina jina la utotoni, na akaunti ya jukwaa ikafunguliwa kwa jina la ndoa. Linganisha vyote kabla hujaanza, na andika jukwaani majina yalivyo kwenye waraka utakaouonyesha, kwa mpangilio uleule. Jina likibadilika, omba kulibadilisha rasmi na uambatanishe cheti cha ndoa au hati ya kiapo. Usifungue akaunti ya pili. Kama uko Tanzania na una namba ya NIDA lakini kadi bado, tumia pasipoti, kwa sababu jukwaa la ng'ambo linataka waraka wenye picha na namba pekee haitalitosha.

La pili, fanya mwenyewe, ndani ya programu au tovuti ya jukwaa, ukiwa umeingia kwa nywila yako. Hakuna jukwaa la kweli linaloomba picha ya kitambulisho chako kwa WhatsApp au Telegram. Ukitumia saiba, usiache nakala ya skani kwenye kompyuta yao wala kwenye barua pepe yao, futa mbele ya macho yako na hakikisha umetoka kwenye akaunti. Nakala ya kitambulisho unayompa mwenye nyumba au mwajiri, iandikie juu yake ni ya nini na ya tarehe gani, ili isiweze kutumika kwingine. Picha unayoipeleka kwenye mfumo wa jukwaa usiiandikie kitu, kwa kuwa mfumo utaikataa.

La tatu ni video ya uso, na hapa naomba uwe mkali kuliko kote. Mtu akikuomba urekodi video ukigeuza kichwa, ukifumba macho na kutaja tarehe, halafu umtumie yeye, amekuomba ufunguo. Nywila inabadilishwa kwa dakika moja, lakini uso utakuwa nao mpaka kufa. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takribani shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Waliojitokeza pale angalau walikuwa na kampuni inayojulikana ya kupelekwa mahakamani. Aliyemtumia dalali wa Telegram video ya uso wake hana mtu wa kumpeleka popote.

Kuna watu ambao wanakodi kwa sababu hawajui kwamba njia halali ipo. Ndugu wawili au marafiki wanaotaka kufanya kazi pamoja hawahitaji kugawana akaunti moja. Upwork ina akaunti za wakala, ambamo mmoja husajili timu na kila mwanachama huingia kwa wasifu wake na uhakiki wake, na mteja anaona nani amefanya nini. Mteja akikubali kwa maandishi kwamba sehemu ya kazi itafanywa na mwenzako, umekuwa mkandarasi wa kawaida. Dada na kaka wanaotumia kompyuta moja ya nyumbani wanaweza kila mmoja kuwa na akaunti yake. Watumie watumiaji wawili tofauti ndani ya kompyuta, kila mmoja na njia yake ya kupokea pesa, na jukwaa likiuliza waeleze ukweli. Akaunti mpya isiyo na nyota ni ngumu, sikatai, na miezi ya kwanza inakatisha tamaa. Ila kila nyota inayoingia humo inabaki kuwa yako.

Na kama umekwisha kukodisha, mpangilio wa hatua ni muhimu, kwa sababu anayetumia akaunti yako ataona unachokifanya. Tumia kifaa kingine ambacho hajawahi kukigusa. Anza na barua pepe: badili nywila, toa vifaa vyote vilivyoingia, angalia kama kuna anwani ya siri inayopelekewa nakala za barua zako, na uweke laini yako mwenyewe kuwa ndiyo inayopokea namba ya uthibitisho. Kisha ingia jukwaani, badili nywila, toa vifaa vingine vyote, na uitazame njia ya kupokea pesa. Ondoa programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, na kama laptopu ni ya mwajiri usiifute chochote, izime tu na uiweke, maana itahitajika kama ushahidi. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua iripoti kwa mtandao husika.

Pakua taarifa zote za mapato, mikataba na mazungumzo kabla ya kuwasiliana na jukwaa. Ukishawaandikia wanaweza kuifunga akaunti papo hapo, na hutaziona tena. Zihifadhi pamoja na ujumbe wa dalali, namba yake, na rekodi za malipo aliyokutumia. Kisha liandikie jukwaa, useme kwamba mtu mwingine ametumia akaunti yako na tangu lini. Pesa iliyomo usiiguse. Usimtumie mkodi, usiitoe, usimrudishie dalali anayekuambia mmalizane kimyakimya, kwa sababu kuanzia siku unayojua, kila muamala unaoufanya umeufanya kwa kujua. Ukiona dalili za fedha nyingi, za laptopu za kampuni, au za malipo kwa sarafu za kidijitali kwenda kwa watu usiowajua, ongea na wakili kabla hujaandika maelezo popote, kisha peleka taarifa kwa kitengo cha polisi kinachoshughulikia makosa ya mtandao. Jukwaa karibu hakika litaifunga akaunti hiyo kwa kudumu, na pengine hutaruhusiwa kufungua nyingine pale.